Shairi la futari kwa majirani wa dini zote: langu la kwanza liliharibika, hili ndilo lililokaa

"Wakuu, naomba msaada. Tunaalika majirani kufuturu kwetu, wengine si Waislamu. Nimeambiwa niandae shairi fupi la kusoma. Kila nikiandika linakuwa kama mahubiri. Naanzaje, na nilisome saa ngapi?"

Ndugu yangu, hilo la mahubiri nimelipitia mwenyewe kwa hiyo nitakueleza nilivyokosea kwanza, maana nadhani tatizo lako ni lile lile, halafu nakuwekea shairi nililolitumia mara ya pili ulichukue lilivyo au ulibadilishe.

Mara ya kwanza niliandika beti 12. Kumi na mbili! Nikazisoma dakika chache kabla ya adhana nikiwa nadhani ndio muda mzuri kwa sababu watu wote wamekaa na wametulia. Walitulia kweli, ila walitulia kwa sababu wana njaa na kiu, macho yako kwenye tende na mimi niko ubeti wa 7. Adhana ikaita nikiwa sijamaliza, nikaharakisha beti mbili za mwisho, na hapo nikawa nimekosea hata kidini, maana mafundisho ya Mtume ni kuharakisha kufuturu jua likishatua, sio kumngojesha mtu shairi liishe.

Lakini urefu haukuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kwenye kibwagizo. Niliandika hivi: "Tumefunga kwa imani, sasa tunafungulia". Mizani imetimia, silabi 8 kwa 8, kinasikika vizuri, nikakipenda sana. Nikawaambia watu wote wakiitikie pamoja kila mwisho wa ubeti. Sasa fikiria jirani yangu wa mlango wa pili, mama Mkristo, kaja na watoto wake kwa moyo mmoja, anaambiwa aseme "tumefunga kwa imani" na yeye hakufunga. Ubeti wa kwanza aliitikia kwa heshima. Wa pili akatazama chini. Wa tatu akanyamaza kabisa, na mwanae mdogo akamuuliza kwa sauti "mama sisi tumefunga?" Yule mama hakulalamika hata kidogo, alikula, alishukuru, akaenda kwake, ila mimi ile sura yake akitazama chini sijaisahau. Nilimwita kwangu halafu nikampa maneno ambayo hawezi kuyasema bila kusema uongo.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza nikaipata hapo: kibwagizo ni mali ya wote waliokaa pale, kwa hiyo kiwe na maneno ambayo kila mmoja anaweza kuyatamka na yakawa kweli kwake. Aliyefunga, asiyefunga, mtoto, mgonjwa, Mkristo, Mhindu, asiye na dini. Mambo ya kufunga yaweke ndani ya ubeti, useme wewe msomaji kwa nafsi yako, "nili", "nika", "mimi". Na uikimbie kabisa "sisi" na "nyinyi". Nilikuwa na mshororo mwingine uliosema "Sisi tuliofunga leo, nanyi msiofunga". Huu una makosa mawili. La kwanza ni hilo la kugawa watu mafungu mawili kwenye mkeka mmoja. La pili ni la ufundi, hesabu mwenyewe: si-si-tu-li-o-fu-nga-le-o ni 9, na-nyi-m-si-o-fu-nga ni 7. Jumla 16 sawa, lakini mkato umekaa vibaya, na ukisoma kwa sauti utasikia unajikwaa pale katikati. Watu wengi wanahesabu jumla tu, wanaona 16 wanafurahi. Hesabu kila upande peke yake, ukwapi ambao ni upande wa kwanza uwe 8, na utao ambao ni upande wa pili uwe 8.

Kingine nilichofuta ni mshororo uliosifia chakula, "Nyama nono imeiva". Katika walioalikwa kulikuwa na familia isiyokula nyama kabisa kwa imani yao. Kwenye meza niliwawekea chakula chao, niliwauliza mapema, ila shairi langu likawa linasifia kitu ambacho kwao hakiliki. Ukitaka kutaja chakula taja kile ambacho una uhakika kila aliyekuja anakila, au taja harufu, au taja sahani. Na kabla ya shairi lenyewe waulize watu wanachokula na wasichokula, ni swali dogo tu kwa meseji.

Nikafuta pia beti mbili nilizojisifia mimi mwenye nyumba, kwamba milango yangu iko wazi, mkono wangu mkunjufu, sijui nini. Kuna aya kwenye Suratul Insan, ya 9, inayowataja wanaolisha wengine wakisema wanawalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hawataki malipo wala shukrani. Nilipoikumbuka nikaona aibu. Shairi linalosubiri shukrani sio la futari.

Sasa shairi lenyewe. Ni tarbia ya kawaida, mishororo minne kila ubeti, vina vya kati na vya mwisho, kibwagizo hakibadiliki. Beti 5 tu.

Jua limekwisha tua, giza laja taratibu,
Mlango nimefungua, ingia ndugu karibu,
Tende na maji chukua, kaa usione tabu,
Sogea tule pamoja, chakula hiki ni chetu.

Koo lilitaka maji, nikasubiri mchana,
Njaa si mchaguaji, haituulizi jina,
Na sote tu wahitaji, jioni tunaitana,
Sogea tule pamoja, chakula hiki ni chetu.

Kati yetu ni ukuta, si mto wala mlima,
Kitunguu na mafuta, harufu haikukwama,
Basi ndugu nimeita, mbona bado wasimama,
Sogea tule pamoja, chakula hiki ni chetu.

Utaomba dua yako, nami nitaomba yangu,
Uketi mahali pako, ubavuni mwa mwanangu,
Nikosapo nije kwako, ukosapo uje kwangu,
Sogea tule pamoja, chakula hiki ni chetu.

Kuna asiyeinuka, mgonjwa nyumba ya pale,
Sahani yake funika, ipelekwe naye ale,
Mwambie twamkumbuka, na kiti chake ni kile,
Sogea tule pamoja, chakula hiki ni chetu.

Angalia kibwagizo. Hakuna dini ndani yake, lakini pia hakuna kitu Muislamu atakachokosa, na mtoto wa miaka mitano anakishika mara moja. "Sogea" nimeichagua makusudi badala ya "karibu". Karibu anaisema mwenyeji kwa mgeni. Sogea wanaambiana wote waliokaa pale, hata mgeni anaweza kumwambia mwenyeji. Na "chetu" ndiyo iliyobeba mzigo wote, nilianza na "chakula hiki ni changu" kwa maana ya nimekipika mimi, nikaona hapana, mtu akiitikia hivyo anasema nini sasa.

Ubeti wa pili ndio pekee unaogusa saumu na nimeusema kwa koo langu mwenyewe. Nilikuwa nafikiria ile dua ya kufuturu, ile inayosema kiu imeondoka, mishipa imelowa, na ujira umethibiti apendapo Mungu. Ukiitafakari ile dua utaona inaanza na mwili kabla ya kufika kwenye ujira, koo kwanza. Na koo kila mtu analo. Kwa hiyo jirani asiyefunga akisikia "koo lilitaka maji" anaelewa bila kuelezwa, na yule aliyefunga anajua dua inayosemwa hapo.

Ubeti wa tatu una historia mbili ndani yake, sijazitaja kwa jina kwa sababu shairi sio darasa, lakini mwenye kujua atazisikia. Moja ni Bibi Aisha alipomuuliza Mtume kwamba ana majirani wawili, ampelekee zawadi yupi, akajibiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango! Hakuambiwa yule mwenye imani zaidi au mwenye ukoo. Ndiyo maana nimeanza na "kati yetu ni ukuta". Ya pili ni wasia wa Mtume kwa sahaba wake Abu Dharr, kwamba ukipika mchuzi zidisha maji yake uwaangalie na majirani zako. Mimi nikaliona hilo kwa upande wa harufu, kwamba ukikaanga kitunguu jirani ameshajua unapika, harufu haikuuliza ruhusa ya ukuta. Nilitafuta kitenzi cha kumalizia pale kwa siku mbili nzima, "yavuma", "yahama", ndipo ikaja "haikukwama" na ukuta ukapata kazi yake kwenye shairi.

Ubeti wa nne ndio niliouogopa zaidi na ndio watu walioupokea vizuri zaidi. Nilitaka kusema wazi kwamba dini zetu ni tofauti, sio kujifanya hatuoni. Shairi linalosema "sote ni sawa tu hakuna tofauti" linamdanganya kila mtu aliyepo, Muislamu anaona unapunguza dini yake na Mkristo hivyo hivyo. "Utaomba dua yako, nami nitaomba yangu", basi, imesemwa kwa mshororo mmoja, kisha tunaenda moja kwa moja kwenye mahali pa kukaa. Hapo nilikuwa nawaza habari ya sahaba Abdullah bin Amr, kwake alichinjwa kondoo, akawa anauliza watu wa nyumba yake kama wamempelekea yule jirani yao Myahudi, akarudia tena kuuliza, akasema alimsikia Mtume akieleza jinsi Jibril alivyomuusia kuhusu jirani mpaka akadhani jirani atapewa urithi. Unaona hapo mtu hakubishana na dini ya jirani, aliuliza tu kama nyama imefika.

"Nikosapo" pale ina maana mbili na nimeiacha hivyo, nikikosa chakula na nikikosea. Zote nije kwako.

Sasa ufundi, maana najua utataka kubadilisha, na ni vizuri ubadilishe, shairi la kukopa neno kwa neno halitamjua jirani yako. Kitu kinachowaangusha wengi ni herufi m. Ikiwa m imesimama peke yake mbele ya konsonanti inahesabiwa mizani yake, m-la-ngo ni 3, m-to ni 2, m-go-njwa ni 3. Lakini ikiwa mb au mw haihesabiwi peke yake, mbo-na ni 2, mwa-mbi-e ni 3. Chukua "Mwambie twamkumbuka". Mwanzo niliandika "Mwambie tunamkumbuka", hesabu: mwa-mbi-e-tu-na-m-ku-mbu-ka, ni 9. Nikabana "tuna" ikawa "twa", ikarudi 8. Huo ndio msaada wa kwanza ukizidisha mizani moja, ninasema inakuwa nasema, tunaita inakuwa twaita, na masikio ya watu yameshazoea lugha hiyo kwenye ushairi kwa hiyo haisikiki ngeni. Ila usibane kila neno mpaka msikilizaji aanze kukisia ulitaka kusema nini.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zinazofuatana pale katikati, kama alfajiri, mimi nayakwepa tu, kwa sababu mmoja atahesabu nne na mwingine tano na wakianza kukuhesabia mezani hawasikii tena unachosema. Ndiyo maana kwenye ubeti wa pili utaona nimesema "mchana" na sio tangu alfajiri, ingawa alfajiri ndiyo iliyokuwa kichwani.

Kama huna mtoto, "mwanangu" ibadilishe iwe "mwenzangu", mizani ni ile ile na kina kinabaki. Na ubeti wa tano usome tu kama kweli kuna mtu ambaye hakuweza kuja. Kama hayupo uache, soma minne. Usibuni mgonjwa kwa ajili ya vina.

Muda wa kusoma sasa, hapa ndipo nilipobadilisha kabisa. Mara ya pili nililikata shairi vipande viwili. Adhana ikaita, kila mtu akachukua tende na maji, waliofunga wakasoma dua yao, hakuna neno lingine. Tende ikiwa bado mdomoni nikasoma ubeti wa kwanza peke yake na kibwagizo chake, mara moja. Haifiki hata nusu dakika. Ubeti ule umeandikwa kwa ajili ya sekunde hizo, jua limetua, chukua tende, kaa. Na hapo watu wameshajifunza kibwagizo bila kufundishwa.

Halafu waliofunga wakainuka kwenda kuswali magharibi, ambayo haitakiwi kucheleweshwa. Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wanaoalika majirani wa dini nyingine wanalisahau sana: zile dakika za swala, mgeni wako asiyeswali anabaki mezani anaangalia chakula, hajui kama aanze kula au angoje, hajui hata kama anaruhusiwa kuongea kwa sauti. Mwaka ule wa kwanza niliwaacha watu sita hivyo. Safari hii tulikubaliana mapema dada yangu, ambaye siku hizo hakuwa anaswali, abaki nao, awamiminie maji, awaambie wale tu kama wana watoto wenye njaa. Watoto wakaanza kula, na hapo mambo yakalegea.

Tuliporudi kutoka kuswali watu wamegawanyika, waliotoka huku na waliobaki kule, kila upande na mazungumzo yake. Hapo ndipo niliposoma beti nne zilizobaki, nimesimama, sahani zimeshapakuliwa lakini vifuniko bado. Nilianza na kibwagizo kabla ya ubeti wa pili ili wote waitikie pamoja na wale waliokuwa kule wasogee. Na kweli walisogea, kwa miguu kabisa, mkeka ule ukabana.

Soma polepole lakini usiimbe kama hujazoea mahadhi, sauti ya kawaida inatosha. Pumzika kidogo pale kwenye mkato wa katikati, usipumzike mwisho wa mshororo tu, la sivyo kina cha kati kinapotea na kazi yote uliyofanya haisikiki. Jizoeze mara tatu kwa sauti ukiwa umefunga na jioni inakaribia, kwa sababu hiyo ndiyo sauti utakayokuwa nayo siku hiyo, kavu na ya chini. Mimi nilijizoeza asubuhi baada ya daku, sauti nzito nzuri, jioni nikashangaa pumzi imeenda wapi.

Yule mama wa mlango wa pili nilimwita tena, nilimwendea mwenyewe na nikamwambia nilikosea wapi mwaka uliopita. Alikuja. Alikaa ubavuni mwa mwanangu wa pili kama shairi linavyosema, sikumpanga, na kibwagizo akakiitikia kwa sauti kubwa kunishinda mimi.

Mgonjwa wa ubeti wa tano alikuwa mzee mmoja wa nyumba ya pembeni, Mkristo, miguu imemgomea, hatoki. Sahani yake tuliifunika kabla hata sijaanza kusoma, ikakaa pale mbele yangu wote wakiiona. Nilipofika "na kiti chake ni kile" nikanyoosha mkono kwenye kiti kitupu, mwanangu mkubwa akainuka na sahani, na mtoto wa yule mama akainuka naye bila kuambiwa akashika birika la maji, wakatoka pamoja. Kibwagizo cha mwisho tulikisema wao wakiwa mlangoni wanavaa viatu. Tukafungua vifuniko, tukala.

Andika beti zako tatu za kwanza uziweke hapa hapa chini tuzihesabu mizani pamoja, na utuambie kwenu nani atakuwepo ili kibwagizo tukipime kwa watu hao.